Wazazi, Tupite Kwenye Kibuyu Chirizi

Wazazi wenzangu, mwanangu wa darasa la tatu aliniimbia jioni moja hatua zote za kunawa mikono: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha. Hakukosea. Nikamuuliza leo shuleni amenawa mara ngapi. "Hatunawi, mama. Maji hakuna."

Kesho yake nilipita kuangalia. Kibuyu chirizi kilikuwapo nje ya choo. Dumu tupu, kamba inaning'inia bila sabuni, na ardhi chini yake vumbi kavu.

Somo alikuwa nalo, tena lote. Ndiyo maana naumia tukimfundisha mtoto mmoja mmoja, kisha akiharisha tunasema hasikii. Tangu Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, wataalamu wa afya wanatuelekeza kutazama mahali mtu anaposoma, anapofanya kazi na anapoishi. Kwa shule, mahali ni pamoja na vyoo, ratiba, bajeti, hata muuza maandazi wa getini.

Chukua shule ya watoto 600. Tukikadiria nusu lita kila mtoto anaponawa, mara moja baada ya choo na mara moja kabla ya uji, tunahitaji lita 600 kwa siku, yaani madumu 30 ya lita 20. Nani anayachota? Pasipokuwa na mpango, mzigo huu huwaangukia watoto, hasa wasichana, na vipindi vinawapita. Na kama kisima kiko mbali, zamu peke yake haitatosha. Hapo ni kwenda serikali ya kijiji kuomba mifereji ya paa na tangi.

Sabuni ya kipande hupotea upesi. Gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, ukaitikisa na kutoboa kifuniko, hutoa sabuni ya kunawia ambayo hakuna anayetamani kuitia mfukoni. Kisha kuna kengele: watoto 600 wakitoka pamoja kwa dakika 20, foleni inawashinda wadogo, wanakwenda kula na mikono yao hivyo hivyo. Darasa la kwanza na la pili watangulie.

Mara nyingi mambo haya huharibika wageni wa uzinduzi wakishaondoka. Kwa hiyo usiulize kama kibuyu kipo. Nenda bila kutangaza, wakati wa mapumziko, utazame ardhi chini yake. Ikiwa imelowa, watoto wananawa.

Nawaomba tufike kikao kijacho cha kamati ya shule na maswali matatu: nani anajaza maji, sabuni inanunuliwa kwa fungu lipi, na wadogo wanatoka saa ngapi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na jina la mhusika. Mimi Jumatano nitakuwa pale chooni wakati wa uji. Ukipata nafasi, njoo tutazame pamoja.