Anayekesha Kazini Naye Apumzike

Katika familia zetu wako wengi wanaofanya kazi usiku: walinzi, wauguzi, wapishi wa hoteli na wafanyakazi wa viwandani. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia haki yao ya kupumzika, kwa maana tunaona inapuuzwa.

Mwili wa binadamu umezoea kulala usiku. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri joto la mwili hushuka na usingizi huwa mzito kupita wakati wowote mwingine. Aliyekesha akilala mchana, jua, joto na kelele za watoto humkatiza, hivyo hupata usingizi pungufu. Upungufu huo hujilimbikiza siku hadi siku. Dalili zake ni kusinzia ameketi, kusahau mambo madogo na kukasirika ovyo. Afikapo hapo, kahawa haimsaidii tena. Dawa yake ni kulala.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kazi yote ya siku moja, pamoja na ya ziada, isizidi saa 12. Saa za ziada zisipite 50 katika wiki nne. Baada ya saa 5 za kazi mfululizo mfanyakazi apewe mapumziko ya dakika 60, na kati ya zamu na zamu apumzike saa 12.

Tuchukue mfano wa mlinzi wa bohari anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Hata tukiondoa saa moja ya kula kila usiku, anafanya saa 66 kwa wiki. Ukitoa 45 za kawaida zinabaki 21 za ziada, na katika wiki nne ni 84. Mpaka ni 50. Kwa hiyo zamu hiyo, tuliyoizoea sana, inavunja sheria hata kama mlinzi amekubali. Na mwenzake akichelewa kumpokea asubuhi, mapumziko yake ya saa 12 nayo yanapungua.

Tena, mlinzi aliye peke yake getini hawezi kuondoka kwenda kula. Mapumziko ambayo mtu anatakiwa abaki tayari kwa kazi hulipwa. Lakini malipo hayaondoi uchovu. Yafaa awepo wa kumpokezana.

Mintarafu posho, kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi hupata kama shilingi 2,000 kwa saa, basi nyongeza ni shilingi 100. Kwa saa 9 za usiku ni shilingi 900. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000, na nyongeza yake ya usiku ni 150. Posho hii, kwa maoni yetu, ni ndogo mno, maana nauli ya bodaboda usiku yaweza kuimaliza yote.

Na hapo ndipo tunapoona pengo. Kifungu cha kazi ya usiku hakimlazimishi mwajiri kutoa usafiri. Afrika ya Kusini, katika sheria yake ya mwaka 1997, ilitaka usafiri uwepo kati ya makazi ya mfanyakazi na mahali pa kazi, mwanzo na mwisho wa zamu. Tunaona nasi tufanye hivyo. Kwa sasa vyama vya wafanyakazi viidai katika mikataba ya hali bora. Mtu aliyekesha saa 12 hafai kuendesha pikipiki, na mama hapaswi kutembea peke yake gizani.

Mama mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotazamiwa kujifungua, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Mtoto chini ya miaka 18 asipangiwe kabisa.

Familia inaweza kusaidia. Andikeni daftarini saa ya kuingia na ya kutoka kila siku, na hifadhini hati za mshahara. Bila hayo malalamiko hukosa ushahidi. Mwajiri asiposikia, nendeni kwa Afisa Kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Na mchana, chumba kiwe na giza na watoto wacheze mbali. Baba au mama aliyekesha yumo katika usiku wake.