Tusimtie Mzee Hofu Kabla ya Kupimwa Kumbukumbu

Ndugu msomaji, kama una mzazi, babu au bibi utakayempeleka kupimwa kumbukumbu, wito huu unakuhusu. Maneno anayoyasikia mzee njiani, kwenye benchi la kusubiria na mbele ya mpimaji yanaweza kumpunguzia alama kabla hajajibu hata swali moja.

Mwaka 2012, Catherine Haslam na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 68 wenye umri wa miaka 60 hadi 70. Baadhi yao waliambiwa kwamba washiriki wote wana miaka kati ya 40 na 70, wakajiona wao ndio wazee wa kundi. Wengine waliambiwa washiriki wana miaka kati ya 60 na 90, wakajiona bado vijana. Kisha kila mmoja alisoma makala fupi: ama iliyosema kwamba uzee hudhoofisha kumbukumbu tu, ama iliyosema kwamba uzee hudhoofisha akili yote. Baada ya hapo walipewa kipimo ambacho madaktari hukitumia kama mchujo wa kwanza wa dimenshia.

Miongoni mwa waliojiona wazee na kusoma kwamba akili yote huchakaa, asilimia 70 walipata alama za chini kiasi cha kushukiwa kuwa na dimenshia. Katika makundi mengine, wastani ulikuwa asilimia 14. Umri wao ulikuwa mmoja na maswali yalikuwa yale yale. Walichotofautiana ni walichoambiwa.

Wanasaikolojia huliita jambo hili tishio la dhana. Claude Steele na Joshua Aronson walilieleza mwaka 1995 baada ya kuwapima wanafunzi Weusi wa Marekani. Mtu anapojua kwamba watu wa kundi lake wanadhaniwa kushindwa, huogopa asije akaithibitisha dhana hiyo. Hofu hiyo hugombea nafasi ile ile ya akili anayoihitaji kushika maneno na kuyakumbuka. Wapo pia wanaokuwa waangalifu kupita kiasi: jibu wanalo, lakini hawalitoi kwa kuogopa kukosea.

Na si lazima mzee atamkiwe neno baya. Mwaka 2001, Tamara Rahhal, Lynn Hasher na Stanley Colcombe waliwasomea vijana na wazee taarifa ndogondogo zisizojulikana sana, wakawaambia ipi ni kweli na ipi ni uongo, kisha wakawauliza baadaye. Maelekezo yaliposisitiza kwamba hicho ni kipimo cha kumbukumbu, wazee waliachwa nyuma na vijana. Yalipozungumzia kujifunza na kujua mambo, bila kutaja kumbukumbu, pengo lile halikuonekana.

Tusizidishe chumvi, hata hivyo. Makundi ya Exeter yalikuwa madogo, na tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja, athari huonekana kuwa ndogo hadi ya wastani. Uzee wenyewe hupunguza kasi ya kukumbuka, na dimenshia ni ugonjwa wa kweli ambao hauponi kwa maneno matamu. Lakini kipimo cha mchujo kina mstari wa kukata. Kwa mzee aliye karibu na mstari huo, alama mbili tatu zinatosha kumfanya arudi nyumbani akiwa na shaka ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunaowasindikiza wazee tuache kumwambia mpimaji mbele yao, "Mama siku hizi hakumbuki kitu." Taarifa hiyo daktari anaihitaji, lakini tumwambie faraghani, au baada ya kipimo. Njiani tuzungumze mambo mengine, na tuache utani wa "uzee huo, baba" kila anapotafuta miwani yake.

Nanyi wauguzi na madaktari, mpokeeni mzee kwa shikamoo, kisha mwelezeni kazi iliyo mbele yake bila kutangaza kwamba mnatafuta usahaulifu: "Nitakutajia maneno machache, kisha nitakuomba uyarudie." Akikwama, mpeni muda. Na alama zikiwa chini kidogo ya mstari, msitoe hukumu siku hiyo hiyo. Mpimeni tena siku nyingine akiwa ametulia, na mwulizeni anavyomudu shughuli zake za kila siku.

Lakini wito huu usiwe kisingizio cha kukaa nyumbani. Mzee anayepotea njia aliyoizoea, au anayesahau chakula alichokiinjika jikoni mara kwa mara, anahitaji kuonwa na daktari mapema. Mpelekeni, tena upesi. Ila mpelekeni bila kumhukumu kabla hajapimwa.