Udongo Mmoja, Majina Mawili

Kuna swali ambalo wanafunzi wa uhandisi na ujenzi huliuliza kila mwaka, nasi walimu tumezoea kulijibu kwa mkato. Inakuwaje udongo uliochimbwa katika shimo moja, ukapimwa katika maabara moja, uitwe mchanga katika karatasi moja na mfinyanzi katika karatasi nyingine? Tunawaambia kwamba mifumo ni miwili, kisha tunawapa majedwali wayakariri. Mimi nashikilia kwamba jibu hilo halitoshi, hasa kwa kijana atakayekwenda kufanya kazi Kitui au Makueni.

Nasema hivyo kwa sababu udongo mwekundu wa nyanda hizo hukaa pale pale ambapo mifumo hiyo miwili hutengana. Sehemu kubwa ya eneo hilo imelala juu ya miamba ya kale iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo. Miamba hiyo inapooza, punje zake ngumu za kwazi hazioza. Hubaki kuwa mchanga. Madini yake mengine huoza yakawa mfinyanzi, na chuma huupaka wote rangi nyekundu. Basi mkononi mwako una mchanga na mfinyanzi kwa pamoja, wala hakuna ulioushinda mwingine kabisa.

Mfumo wa kwanza, uitwao Mfumo wa Pamoja, ulitokana na kazi ya Arthur Casagrande, aliyeutunga mwaka 1942 kwa ajili ya viwanja vya ndege vya kijeshi vya Marekani. Mwaka 1952 ukapanuliwa utumike kwenye mabwawa na misingi. Wa pili, wa Barabara Kuu, ulianzia katika idara ya barabara ya nchi hiyo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, ukarekebishwa mwaka 1945. Yote miwili huuliza kwanza swali moja: ni sehemu gani ya udongo inayopita katika chekeche la tundu la milimita 0.075? Tofauti ni mpaka. Wa kwanza huweka mpaka kwenye asilimia 50, wa pili kwenye asilimia 35.

Tuchukue namba za mfano, za udongo mwekundu wa mteremkoni. Katika kila gramu 100, gramu 98 zinapita chekeche la milimita 4.75, na gramu 42 zinapita lile la 0.075. Kikomo cha umajimaji, yaani kiasi cha maji ambapo udongo huanza kutiririka, ni 38. Kikomo cha kufinyangika, ambapo uzi wa udongo uliosokotwa hadi unene wa milimita 3 huanza kukatika, ni 20. Tofauti ya vikomo hivyo, 18, ndiyo kipimo cha ufinyangikaji.

Mfumo wa Pamoja unasema hivi. Arubaini na mbili ni pungufu ya hamsini, kwa hiyo udongo huu ni wa chembe kubwa. Katika gramu 58 zilizobaki juu ya chekeche la mwisho, changarawe ni gramu 2 tu na mchanga ni 56. Basi herufi ya kwanza ni S, ya mchanga. Kwa kuwa chembe laini zimezidi asilimia 12, herufi ya pili haitoki tena katika mpangilio wa ukubwa wa chembe, bali katika ufinyangikaji. Casagrande alichora mstari: toa 20 kwenye kikomo cha umajimaji, zidisha kwa 0.73. Hapa tunapata 13.1. Kipimo chetu cha 18 kiko juu ya mstari, kwa hiyo laini hizo ni mfinyanzi, C. Jina ni SC, mchanga wenye mfinyanzi.

Mfumo wa Barabara Kuu unatazama namba zile zile. Arubaini na mbili imevuka thelathini na tano, kwa hiyo udongo huu unahesabiwa miongoni mwa tope na mfinyanzi. Kikomo cha umajimaji hakijazidi 40, na kipimo cha ufinyangikaji kimefika 11 au zaidi; basi ni A-6. Fahirisi ya kundi, ukiikokotoa, ni 3, na jina kamili huandikwa A-6(3): udongo wa mfinyanzi, wa wastani au dhaifu chini ya barabara.

Nani mkweli? Wote wawili, kwa kuwa kila mmoja aliulizwa jambo lake. Anayejenga tuta la silanga, bwawa la udongo la Ukambani, hufurahi kuona SC: mchanga unabeba uzito, mfinyanzi unaziba mianya, na tuta likishindiliwa vizuri maji hayapenyi kwa urahisi. Mjenzi wa barabara anaogopa mfinyanzi huo huo. Chembe laini zinapokaribia theluthi moja ya udongo, huijaza mianya na kuanza kuzitenganisha punje za mchanga. Mvua za Novemba zikinyesha, gari hukanyaga mfinyanzi uliolowa, si mchanga.

Sasa tazama hatari iliyojificha. Fundi akichekecha udongo huu mkavu bila kuuosha, vumbi la mfinyanzi hubaki limeganda kwenye punje za mchanga. Tuseme 42 yetu ikasomeka 30. Mfumo wa Pamoja hautashtuka; bado ataandika SC. Lakini katika Mfumo wa Barabara Kuu jina litaruka kutoka A-6 hadi A-2-6, kundi linalosifiwa kuwa jema kwa msingi wa barabara. Tabaka litapunguzwa unene kwa sababu ya ndoo ya maji ambayo haikutumika. Dalili yake ni nyepesi kuiona: chukua mchanga uliobaki chekecheni, usugue kwa vidole vilivyolowa. Maji yakiwa mekundu, kazi irudiwe.

Mchanga wa mito mikavu ya huko unatufundisha upande wa pili. Huo umeoshwa na mafuriko, laini zake hazifiki asilimia 5, kwa hiyo herufi ya pili hutoka katika mpangilio wa chembe. Ikiwa asilimia 60 ya mchanga ni ndogo kuliko milimita 0.9, na asilimia 10 ni ndogo kuliko 0.25, gawanya ya kwanza kwa ya pili: 3.6. Mchanga wenye mchanganyiko mzuri hudai angalau 6, basi huu ni SP, mchanga wenye mpangilio duni. Mfumo wa Barabara Kuu hauulizi uwiano huo. Asilimia 30 hivi ikipita chekeche la milimita 0.425, utauita A-1-b na kuuweka katika kundi la kwanza. Hata hivyo dereva aliyewahi kukwama ndani ya mto mkavu anajua kwamba punje zinazokaribiana ukubwa hazishikani.

Tena, hakuna jina hata moja kati ya haya linalopima nguvu. Mwongozo wa barabara wa Kenya wa mwaka 1987 uligawa udongo wa msingi katika madaraja S1 hadi S6 kwa kipimo cha CBR, na S ya hapo si ya mchanga.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Swali la mtihani lisiishie kwenye “taja kundi la udongo”. Mwanafunzi adaiwe majina yote mawili, namba zilizoyazaa, na sentensi moja ya kueleza kwa nini yanaachana. Nanyi wanafunzi, mkipewa ripoti yenye jina pekee, ulizeni kwanza: ni kiasi gani kilipita chekeche la 0.075, na je, udongo ulioshwa?