Kidole Kinapokawia Kwenye Skrini

Wengi wetu tulio ughaibuni tumewahi kumtumia mzazi simu. Tunainunua, tunaiwekea WhatsApp, tunamkabidhi mtu anayesafiri, na baada ya wiki chache tunaambiwa: "Simu yako hii mimi na yeye hatuelewani." Tunadhani ni uzee, au ni kutojua kusoma maandishi ya Kiingereza. Leo nataka tuzungumzie sababu nyingine, ambayo mimi mwenyewe niliichelewa: kidole kinachokaa mno juu ya kioo.

Mama yangu yuko Tanga, mimi niko Leicester. Mwaka jana nilimpelekea iPhone. Miezi ya mwanzo alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya swala. Kisha simu zake zikapungua, na mwisho zikakoma kabisa. Nikipiga mimi, hupokea akisaidiwa na wajukuu. Siku moja nikamuuliza kulikoni.

"Mwanangu, naogopa kuigusa," akasema. "Nikiigusa, vile vipicha vinaanza kutetemeka. Juzi WhatsApp imepotea kabisa, mdogo wako ndiye aliyeirudisha. Sitaki kuiharibu, umeinunua kwa pesa nyingi."

Nilimwomba mdogo wangu achukue simu yake mwenyewe na aupige video mkono wa mama akijaribu kufungua WhatsApp. Video ile ilinionyesha yote. Kidole cha mama kilitua penyewe hasa, juu ya alama aliyoitaka. Lakini hakikuondoka. Viungo vyake vimekakamaa, na kunyanyua kidole kunamchukua muda. Nilipotazama saa ya video, nikaona kidole kinakaa baina ya sekunde 1 na sekunde 1.4, kisha kinaondoka kikiburuzika kidogo kuelekea chini.

Kwa simu, muda huo una maana kubwa. Ukigusa na kuachia upesi, unasema "fungua." Ukigusa na kushikilia, hata kwa nusu sekunde tu, unasema "nipe mambo mengine ya kufanya na kitu hiki." Hapo ndipo inapotokea orodha yenye neno la kuondoa programu, na ukizidi kushikilia, alama zote zinaanza kutikisika. Ndani ya WhatsApp, ujumbe ulioshikiliwa haufunguki, bali unatoa orodha ya kujibu, kunakili au kufuta. Basi mama hakuwa akikosea mahali. Alikuwa akiiambia simu jambo jingine kila alipoigusa, na simu ikimtii.

Sasa nikuelezeni kosa langu, kwa sababu ni rahisi kulirudia. Niliposikia kwamba iPhone ina mpango wa kurekebisha mguso, nilimwelekeza mdogo wangu afungue Settings, kisha Accessibility, kisha Touch, kisha Touch Accommodations. Mle ndani jambo la kwanza aliloliona ni Hold Duration, yaani muda wa kushikilia. Nikafurahi. Nikamwambia aiweke sekunde 1.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Siku vidole vya mama vikiwa vyepesi, simu haikujibu kabisa. Siku vikiwa vizito, alama zilitetemeka kama zamani. Wajukuu wakigusa haraka kama walivyozoea, simu ilikuwa kama imekufa, na mdogo wangu akaniambia kioo kimeharibika.

Kumbe Hold Duration inatibu ugonjwa mwingine. Huo ni muda ambao kidole lazima kikae kabla simu haijakubali kwamba imeguswa. Unamfaa mtu ambaye mkono wake unatetemeka na kugusa kioo bila kukusudia: miguso mifupi ya bahati mbaya inapuuzwa, na ule wa kukusudia unapita. Mtu wa namna hiyo pia huwashiwa Swipe Gestures, ili anapotelezesha kidole asilazimike kuusubiri muda huo. Lakini kwa mtu ambaye kidole chake kinakawia, Hold Duration inausogeza mwanzo wa mguso tu. Haimpi nafasi zaidi ya kunyanyua kidole.

Chini yake kuna Ignore Repeat, na hiyo ni ya ugonjwa wa tatu: kidole kinachogonga mara mbili au tatu pale mtu alipotaka mara moja. Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, tazama mkono kwanza. Je, unagusa bila kukusudia, unarudia, au unakawia? Video fupi itakujibu vizuri kuliko maelezo ya simu, kwa sababu mwenye mkono mara nyingi hahisi kwamba anakawia.

Tulizima Hold Duration, tukaanza upya kwa njia nyepesi zaidi. Katika ukurasa uleule wa Touch kuna Haptic Touch. Hapo unachagua ni baada ya muda gani simu ihesabu kwamba mtu ameshikilia. Mdogo wangu alichagua Slow. Chini ya ukurasa huo kuna picha ya majaribio: mama aliigusa kama anavyogusa siku zote, na tukaona kama picha inafunguka au la. Kwa watu wengi hatua hii peke yake inatosha, na haibadilishi mambo mengine ya simu. Kwa mama ilisaidia nusu. Asubuhi, vidole vinapokuwa vizito zaidi, bado alipitiliza. Tena programu nyingine zina hesabu zao wenyewe za muda wa kushikilia, ambazo mpango huu hauzifikii.

Ndipo tukaja kwenye dawa yenyewe, Tap Assistance. Iko mwisho wa ukurasa wa Touch Accommodations, na ndiyo inayoiambia simu: "Kidole kikinyanyuka kabla ya muda huu, hesabu kuwa ni mguso wa kawaida, hata kama kimekawia." Ukiiwasha utaulizwa mambo mawili.

La kwanza ni mahali. Use Initial Touch Location maana yake simu ifuate pale kidole kilipotua. Use Final Touch Location maana yake ifuate pale kilipoondokea. Mama anatua sawasawa na kuburuzika wakati wa kuondoka, kwa hiyo tulichagua Initial. Baba mmoja rafiki yetu hapa Leicester ni kinyume chake: mkono wake unatua pembeni, kisha anausogeza taratibu mpaka kwenye alama anayoitaka. Yeye anafaa Final. Hapa pia video ndiyo hakimu.

La pili ni muda, unaoitwa Tap Assistance Gesture Delay, na unaongezwa au kupunguzwa kwa alama za kujumlisha na kutoa. Kanuni yake ni nyepesi: uwe mrefu kidogo kuliko mguso mrefu wa kawaida wa mwenye simu. Kwa kuwa kidole cha mama kilikaa mpaka sekunde 1.4, tulianza na sekunde 2 kwa usalama. WhatsApp ikafunguka mara ya kwanza. Akagusa tena, ikafunguka tena. Nilimsikia akicheka.

Lakini mpango huu una gharama yake. Kila jambo lisilokuwa mguso wa kawaida sasa lazima lisubiri muda ule upite. Mama akitaka kuburuza orodha ya ujumbe, anaweka kidole, anangoja, ndipo anavuta. Sekunde 2 za kungoja kila mara zilimchosha. Tukapunguza kidogo kidogo kwa siku tatu mpaka sekunde 1.6. Hapo miguso yake yote ilipita, na kuburuza hakukumkera tena. Ukiweka muda mrefu mno kwa kuogopa, mzazi ataona simu imekuwa nzito, na ataiacha vilevile.

Wajukuu nao walilalamika. Kwao tuliweka njia ya mkato: Settings, Accessibility, kisha Accessibility Shortcut, na hapo tukachagua Touch Accommodations. Sasa anayetaka kuitumia simu kwa haraka anabonyeza kitufe cha ubavuni mara tatu, na mpango unazimika. Akimaliza, anabonyeza tena mara tatu kuurudisha. Kwenye simu zenye kitufe cha Home, kinabonyezwa hicho mara tatu. Waambieni watoto wasisahau, maana simu ikirudi kwa bibi bila mpango ule, matatizo yanaanza upya, naye atadhani ni yeye aliyeiharibu.

Wenye simu za Android, jambo la kutafuta linaitwa Touch & hold delay, ndani ya Accessibility. Kwenye Samsung liko chini ya Interaction and dexterity, na kwenye Pixel chini ya Timing controls. Samsung inakupa machaguo kama nusu sekunde, sekunde 1 au sekunde 1 na nusu. Kazi yake inafanana na ile ya Haptic Touch: inachelewesha wakati ambapo mguso unageuka kuwa kushikilia. Kwa kidole kinachokaa sekunde 1 na ushei, chagua ile ndefu. Samsung ina pia Tap duration, lakini hiyo ni ndugu wa Hold Duration, ya wale wanaogusa bila kukusudia. Msiichanganye kama nilivyochanganya mimi.

Neno moja la tahadhari. Mkono wa mama ulibadilika taratibu kwa miaka. Ikiwa mkono wa mzazi wako umekuwa mzito kwa ghafla, tena upande mmoja, au mdomo umepinda au maneno hayatoki sawasawa, acha mambo ya simu. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Ijumaa iliyofuata, nikiwa kwenye basi, uliingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama. Ulianza katikati: "...laykum mwanangu, nimeifungua mwenyewe." Salamu yake ilikatwa kichwa, kwa sababu kurekodi nako ni kushikilia, na hakuanzi mpaka sekunde 1.6 zipite. Nilimpigia kumweleza ahesabu moja, mbili, ndipo azungumze. Akaniambia: "Basi salamu nitakuwa natoa mara mbili. Moja ya simu, moja yako."