Koleo, Spana na Renchi: Kila Kimoja na Kazi Yake

Picha ya juma hili yaonyesha sanduku la vifaa kama yale yaonekanayo katika mashamba mengi ya ngano huko Njoro, karibu na Nakuru. Ndani yake vyuma vya kila namna vimechanganyika. Ili kazi ya kila kimoja ifahamike, tumfikirie mkulima atakaye kufungua nati iliyoshika kutu katika trekta lake la zamani, Massey Ferguson 35, lililotengenezwa Uingereza.

Kwanza mkono hukimbilia koleo, ambalo wengi huliita plaisi. Hilo si la nati. Kazi yake ni kushika, kupinda na kukata waya. Likizungushwa juu ya nati huteleza na kuzila pembe zake.

Kisha iko spana iliyoandikwa 13. Hapo ndipo wengi wakosapo. Nati za trekta hilo zilipimwa kwa inchi, na spana hiyo kwa milimita. Nati ya nusu inchi, ikipimwa kutoka ubavu hadi ubavu, ina milimita 12.7. Spana ya 12 haiingii. Ya 13 huingia, lakini hucheza kidogo ikitikiswa. Dalili hiyo isipuuzwe, maana ikivutwa kwa nguvu pembe za nati zitaviringika. Spana yake ni ile iliyoandikwa 1/2. Ni kweli kwamba spana ya milimita 19 hufaa nati ya robo tatu ya inchi, kwa kuwa tofauti yao ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Lakini si zote zipatanazo hivyo.

Kwa nati iliyoshika kutu, spana ya ringi ni bora kuliko yenye mdomo wazi, kwa sababu huizunguka nati pande zote. Yenye mdomo wazi hushika pande mbili tu, nayo hufaa pale ambapo ringi haiwezi kupita.

Pembeni mwa sanduku iko spana ya kurekebisha, ambayo mafundi kwa mzaha huiita spana malaya, kwani huikubali kila nati. Ikazwe mpaka isicheze, kisha izungushwe kuelekea upande wa taya lisogealo, ili lile lisilosogea ndilo libebe nguvu.

Mwisho ni renchi ya bomba, yenye meno. Kadiri ivutwavyo ndivyo ing'atavyo zaidi, kwa hiyo hufaa bomba la maji lililo duara. Hutumiwa mbili pamoja: moja huzuia bomba, ya pili hulifungua. Juu ya nati meno hayo hutafuna pembe, na siku ya pili hakuna spana itakayoishika.

Basi mkulima huyo atie spana za inchi katika mfuko mmoja na za milimita katika mwingine, asije akazikosea zikiwa na grisi na giza likiingia.