Sekunde 15 Hazimfikishi Bi Harusi Ukumbini

Leo tuna neno, na tutalisema bila kumung'unya: tumechoka kuambiwa kila video ya biashara iwe ya sekunde 15.

Wanatuambia vijana wanaotupigia picha, wanatuambia na mashoga zetu wenye maduka. "Watu hawana muda, kateni." Sisi ni mafundi wa kike hapa Bagamoyo mjini, tunashona magauni ya harusi na mabaibui. Wateja wetu wengi wako Mapinga, Bunju, hadi katikati ya Dar es Salaam, na hawafiki kwetu mpaka siku ya kujaribu gauni. Kabla ya hapo wanatujua kwa simu tu. Basi tukatii, tukakata. Kilichotupata ndicho tunachotaka kuwaeleza.

Lakini kwanza tujue hizi sekunde 15 zimetoka wapi. Instagram ilipoanza kupokea video mwaka 2013, ukomo ulikuwa sekunde 15. Mwaka 2016 wakaongeza hadi dakika moja. Reels ilipoanza Agosti 2020, wakarudi kwenye sekunde 15 zile zile, na mwaka uliofuata nazo zikafika dakika moja. WhatsApp nayo kwa miaka mingi iliikata Status kwenye sekunde 30, kisha ikatoa dakika nzima. Mnaona? Hicho kilikuwa kipimo cha wenye programu, na wao wenyewe walikiacha. Hakuna aliyepima subira ya bi harusi anayetafuta fundi akakuta inaishia kwenye 15. Sisi ndio tumekishika kama amri.

Sasa tuje kwenye vipimo. Tulitengeneza video ya kuwafundisha maharusi kujipima nyumbani. Sekunde 15, wimbo juu, futi inazunguka kifua, kiuno, nyonga, kisha inashuka mpaka chini, basi. Ilipendeza kweli, na watu wakaisambaza. Bi harusi mmoja akajipima kwa kuifuata, akatutumia namba, tukakata kitambaa. Siku tatu kabla ya nikahi akaja kujaribu, akavaa viatu vyake vya kisigino, na pindo likasimama juu ya vifundo vya miguu. Alikuwa amejipima pekupeku. Tena alijipima peke yake, akainama kusoma futi, na mtu akiinama namba haiwi ile ile. Kifuani nako gauni lilimpwaya, kwa sababu alizungushia futi juu ya dera.

Alilia. Tukaongeza lesi ya inchi 3 chini kwa gharama yetu, tukapunguza ubavuni usiku kucha. Gauni likavalika, lakini halikuwa lile alilolichagua.

Kosa la nani? La kwetu. Yeye alifuata kila tulichomwonyesha. Mambo matatu yaliyoharibu gauni, yaani viatu, nguo ya ndani na mtu wa kushika futi, hatukuyasema kwa sababu hayakuenea kwenye sekunde 15.

Tukarudia video kwa sekunde 60, na tutawapa mgawanyo wake. Sekunde 5 za kwanza ni neno moja: "Bi harusi, usijipime kabla hujavaa viatu vya siku yako." Hadi ya 15, tunaonyesha nguo nyepesi inayoshika mwili, na dada mwingine akishika futi huku anayepimwa amesimama wima, macho mbele. Kuanzia ya 15 hadi ya 45 ni vipimo vinne: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani karibu na shingo, kupita juu ya kifua, mpaka sakafuni. Kila kimoja kinapata sekunde 7 au 8, kwa sababu jicho linataka kuiona futi ikizunguka na kutulia, halafu namba isomeke. Sekunde 15 za mwisho tunamwambia asome upande wa inchi, apige picha futi ikiwa imeshikwa mahali pake, na aitume pamoja na tarehe ya harusi. Hebu jaribuni kuondoa kimojawapo. Hakiondoki.

Wala hatusemi ndefu ndiyo bora. Hapo nako tuliumia. Ramadhani moja tulitaka kutangaza kwamba oda za Idi tunazifunga tarehe 20. Tukaona tufanye ya dakika nzima: salamu, dua, vitambaa vipya, fundi yuko cherehani, na tarehe ikaja karibu na mwisho. Kumi la mwisho likaingia, simu zikaanza kulia: "Kwani mmefunga? Mbona hamkusema?" Tulisema, ila tulisema mahali ambapo mtu mwenye bando dogo na chungu jikoni hakufika. Ujumbe ule ulikuwa sentensi moja. Ulistahili sekunde 15, tarehe imeandikwa kwa herufi kubwa tangu picha ya kwanza, hata asiyewasha sauti aione.

Kwa hiyo sisi hatuulizi tena, "Watu wana subira kiasi gani?" Tunauliza, "Akishaiona hii, tunataka afanye nini?" Kama ni kujua jambo moja, kwamba lesi nyeupe imefika au duka limehama, sekunde 15 zinatosha na kuzidi. Kama ni kufanya kazi kwa mikono yake, au kutoa pesa yenye masharti, mpe dakika.

Kupima ni rahisi. Andika unachotaka kusema, kisome kwa sauti ya kawaida huku saa ya simu inahesabu. Kwa mwendo wetu, sekunde 15 zinabeba maneno 30 hivi, na dakika inabeba 120 hivi. Ukiwa na maneno 50 na unalazimisha 15, jambo moja litabaki nje, na mara nyingi ni lile sharti. Ukiwa na maneno 30 na unayavuta hadi dakika, unakula bando la mwenzio bure.

Na baada ya kurusha, sikiliza maswali. Wakikuuliza usichokisema, video ilikuwa fupi. Wakikuuliza ulichokisema, ilikuwa ndefu au umeliweka neno mahali pabaya. Idadi ya walioitazama haikuambii hilo. Ile video yetu ya vipimo ilitazamwa kuliko zote, na ndiyo iliyomliza mtu.

La mwisho ni bei, na hapa tunawasema wenzetu wa biashara waziwazi. "Gauni kuanzia laki moja na nusu!" Sekunde 15, gauni linazunguka, mawe yanametameta. Aliyeliona anatoka Mapinga kwa nauli yake, akifika anaambiwa bei ile haina shela, haina mawe, na malipo ya awali hayarudi. Mnasema muda haukutosha. Muda ulikuwepo, simu zinaruhusu dakika nzima. Mlichagua kuacha. Dini yetu inamtaka muuzaji aweke wazi kasoro na sharti kabla mkono haujatoa pesa, na haikumpa ruhusa anayeuza kwa video fupi.

Nanyi maharusi, mkiona bei ndani ya sekunde 15, msitume hata shilingi. Andikeni kwanza: "Bei hiyo ina nini ndani, na nikiahirisha, pesa yangu inarudi?" Atakayekujibu kwa sauti ya dakika nzima, huyo ana nia ya kukushonea.