Dawa ya presha na ARV zikikutana mwilini, nani anaziangalia?

Kama una mzazi Khayega, pengine kila mwezi unatuma hela ya dawa ya presha. Bei ya amlodipini unaijua, na kemisti wa pale sokoni amezoea kupokea M-Pesa yako. Lakini umewahi kuuliza ni dawa gani nyingine mzazi anameza pamoja na hiyo? Kwa watu wanaoishi na HIV, ambao sasa wengi wanazeeka kwa sababu ARV zinafanya kazi, jibu la swali hilo linaweza kubadilisha kila kitu.

Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha. Mwenye HIV naye hajaepushwa. Shida ni kwamba ARV anazipata bure katika kliniki ya CCC, halafu dawa ya presha anainunua kwingine, mara nyingi dukani. Kemisti hajui kuhusu ARV kwa sababu mteja anaogopa kusema. Wa CCC naye huenda hajui mteja ameongezewa nini dukani. Mahali pekee dawa hizo zinapokutana ni kwenye ini la mgonjwa.

Na ini ndipo mambo yanaanzia. Amlodipini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kabla ya kutolewa mwilini. Efavirenzi, ARV ambayo Wakenya wengi waliitumia kwa miaka mingi, huvichochea vimeng'enya hivyo vifanye kazi kwa kasi. Amlodipini inaisha mapema, presha haishuki vizuri. Ritonaviri, inayotumiwa pamoja na atazanaviri kwa watu walio kwenye dawa za awamu ya pili, hufanya kinyume: inavizuia. Amlodipini inarundikana, na kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi kama karibu viwili. Dolutegraviri, iliyo ndani ya kidonge cha TLD ambacho wengi wanameza sasa, haiigusi amlodipini.

Ukisikia hivyo utasema basi TLD imemaliza shida. Ngoja kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama wa miaka 54 anayeuza ndizi Khayega. Mwaka 2016 alikuwa akimeza efavirenzi, na presha yake ilipopimwa ikawa 160/100. Akapewa amlodipini ya miligramu 5. Haikushuka, akapandishwa hadi 10, ikatulia. Mwaka 2020 kliniki ikambadilishia ARV, akawekwa kwenye TLD. Dawa ya presha haikuguswa, kwa sababu ilikuwa inatoka dukani.

Baada ya wiki chache efavirenzi imetoka mwilini na ini limerudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Zile miligramu 10 sasa zinabaki damuni kwa wingi zaidi. Mama anaanza kuona kizunguzungu akisimama ghafla, na jioni miguu imevimba hadi viatu havimtoshi. Anaenda dukani, anaelezea miguu tu, anapewa dawa ya kukojoa. Maji yanapungua mwilini, kizunguzungu kinazidi. Hapo mtu anatibiwa madhara ya dawa kwa kuongezewa dawa nyingine, wakati dawa ya kukojoa haisaidii sana uvimbe unaoletwa na amlodipini. Kilichotakiwa ni presha ipimwe akiwa ameketi na tena akiwa amesimama, kisha daktari aangalie kama amlodipini ipunguzwe hadi 5.

Sasa ongeza uzani. Katika majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini na Kameruni, waliotumia dolutegraviri waliongeza kilo nyingi kuliko waliotumia efavirenzi, na wanawake ndio walioongeza zaidi. Watafiti wanabishana kama dolutegraviri inanenepesha au efavirenzi ndiyo iliyokuwa ikizuia watu kunenepa. Kwa mama wetu mabishano hayo hayabadilishi hesabu: akitoka kilo 68 hadi 77, na nyingi zikiwa kiunoni, presha inaweza kupanda tena na sukari nayo ikafuata.

Sukari ikija, anaandikiwa metfomini. Na hapa dolutegraviri iliyokuwa mpole kwa amlodipini inageuka. Inazuia njia ambayo figo hutumia kuitoa metfomini, kwa hiyo kiwango chake damuni kinaweza kupanda kwa karibu asilimia 80. Ndiyo maana mtu wa TLD kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 1,000 za metfomini kwa siku. Asiyejua kuhusu TLD anaweza kumpa 2,000, na dalili za kwanza zitakuwa kichefuchefu na kuhara. Mtu atadhani ni chakula. Figo zikiwa dhaifu, hatari ni kubwa zaidi.

Kwa nini tunaongea haya sasa? Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya kigeni, na kliniki nyingi za HIV nchini zilizotegemea pesa hizo zikatikisika. Wizara ya Afya ikasukuma huduma za HIV ziunganishwe na zile za wagonjwa wa kawaida. Wengi waliingiwa na hofu ya foleni na ya kuonekana na majirani, na hofu hiyo si ya bure. Mahali kama Khayega kila mtu anajua gari la nani limepita.

Lakini kuunganisha huku kunaweza kuleta dawa zote mbele ya macho ya mtu mmoja. Utafiti wa SEARCH, uliofanywa katika jamii 32 za mashambani Kenya na Uganda, ulijaribu kutibu HIV na presha pamoja. Baada ya miaka mitatu, wenye presha waliokuwa wameidhibiti walikuwa asilimia 47 katika jamii zilizopata huduma hiyo, dhidi ya 37 katika zile nyingine. Si muujiza, lakini ni watu wengi zaidi ambao presha yao ilidhibitiwa. Ila kuhamisha dawati tu hakutoshi. Lazima faili iwe moja, mashine ya presha ifanye kazi, na amlodipini ipatikane palepale badala ya mgonjwa kutumwa dukani na karatasi.

Wewe uliye Nairobi au Kisumu unaingia wapi? Mzazi si lazima akuambie hali yake, na usimlazimishe. Mwambie tu siku ya kliniki abebe kila dawa anayomeza, na pakiti zake, hata ya kukojoa na ya vidonda vya tumbo, aziweke mezani zote. Kama amekwambia, simu yako inaweza kusaidia: Chuo Kikuu cha Liverpool kina tovuti ya bure, hiv-druginteractions.org, ambapo unachagua ARV na dawa nyingine kisha rangi inakuonyesha. Kijani ni salama, nyekundu ni dawa zisizofaa kutumiwa pamoja. Majibu hayo mpelekee daktari, usipunguze vidonge mwenyewe. Na hata miguu ivimbe vipi, ARV haziachwi.

Wakati ujao ukituma hela ya dawa, piga simu pia. Muulize presha ilikuwa ngapi mara ya mwisho, miguu ikoje jioni, na kama ARV zake zilibadilishwa baada ya kuanza dawa ya presha. Akijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, amwombe daktari aangalie upya kipimo cha dawa ya presha.